Orodha ya shule, Jumatatu 9 hadi Jumamosi 21 Machi

Baba, Bibi, na nyinyi wanangu,

Nimepitia makundi yote matatu ya wazazi, la Darasa la Sita, la Tatu na la Awali, mpaka ujumbe wa mwisho wa Ijumaa tarehe 6 jioni. Yanayotuhusu yote yamo humu. Kila jambo lina mwenyewe, na jina lake liko mwanzoni. Ukimaliza, andika "tayari" hapa hapa chini ya orodha, ili mwingine asilirudie.

Kila "kesho" na "wiki ijayo" nimegeuza kuwa tarehe kamili. Ule ujumbe wa "kesho waje na nguo za michezo" uliosambazwa Ijumaa asubuhi uliandikwa na mwalimu Alhamisi usiku, kwa hiyo kesho yake ilikuwa Ijumaa hiyo hiyo na imeshapita. Msiufuate.

ADA

Baba: awamu ya pili ya Darasa la Sita, mwisho Ijumaa 13. Tafadhali lipa kabla ya Jumatano 11, maana malipo huchukua siku moja mbili kuonekana kwa mhasibu, na wanaoanza mitihani Jumatatu 16 wanakaguliwa kwa orodha yake. Kwenye maelezo ya malipo andika jina kamili la mtoto na darasa, usiandike jina lako. Kiasi ni kile cha kwenye ankara iliyobandikwa mlangoni mwa jokofu.

Darasa la Tatu na Awali hatudaiwi. Ukumbusho wa Jumatano ulitumwa kwa wazazi wote na haukutaja mtu. Risiti zetu ziko kwenye bahasha ya kahawia, droo ya juu. Bibi, wakikupigia simu kuulizia, waambie hivyo, na namba za risiti wasomee kutoka humo.

Kuna mzazi kasambaza namba mpya ya kulipia kwenye kundi la Awali. Haikutoka kwa mwalimu wala ofisini. Baba, usitume chochote huko. Tunalipa kwa akaunti ile ile iliyochapwa kwenye ankara, na Jumatatu asubuhi nitapiga simu ofisini kuwaarifu, kwa namba ya kwenye ankara hiyo hiyo.

KAZI ZA NYUMBANI

Dada (la Sita): Hisabati, sehemu, ukurasa 48, swali la 1 hadi la 10, kukusanywa Jumanne 10. Picha ya ubao iliyotumwa imekatwa pembeni na swali la 9 halisomeki. Wazazi wawili wamelijaza kwa kukisia, kila mmoja na lake. Linakili kutoka kwenye kitabu, achana na picha. Sayansi iko ndani ya ujumbe mrefu wa sauti, karibu na mwisho: mchoro wa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, kwa penseli, na majina ya sehemu kwa kalamu. Alhamisi 12.

Kaka (la Tatu): kusoma kwa sauti kila jioni, na mkubwa aliyesikiliza anatia sahihi daftarini. Bibi, hili nakuachia wewe, kwani kwako anasoma bila kukimbilia mwisho. Asitiwe sahihi jioni ambayo hakusoma.

Mdogo (Awali): vizibo 10 vya chupa vilivyooshwa, vya kuhesabia. Jumatano 11. Kaka amsaidie kutafuta.

TAREHE

Kikao cha wazazi wa Darasa la Sita: Jumamosi 14, saa tatu asubuhi. Kundi lilikuwa na tarehe mbili, 14 na 21. Nimemuuliza mwalimu wa darasa pembeni, amejibu ni 14. Tarehe 21 ni ya Darasa la Tatu, saa nne asubuhi. Mimi nakwenda cha 14, Baba cha 21. Baba, tafadhali uliza kuhusu Kaka kusoma ubaoni. Ameanza kukunja macho akiangalia mbali, na ningependa asogezwe mbele hata kabla hatujampeleka kupimwa.

Mitihani ya Dada: Jumatatu 16 hadi Alhamisi 19. Siku hizo hatumwi popote jioni.

Siku ya michezo, Kaka na Mdogo: Ijumaa 20. Fomu ya ruhusa irudi kabla ya Jumatano 18. Zote mbili nimeshatia sahihi, ziko ndani ya madaftari yao ya mawasiliano. Rangi ya fulana ya Kaka ni kijani. Ya Mdogo haijatangazwa. Msinunue kwa kufuata wazazi wengine, nitaiandika hapa mwalimu akishasema.

Nitaongeza mapya kila siku baada ya chakula cha usiku. Likibadilika jambo mchana, nitampigia mwenyewe.

Mama