Karatasi ya Chini ya Sanduku

Swali la tano lilimnyima Tumaini alama zote kumi. Mwalimu Sanga, aliyekuwa akifundisha Maarifa ya Jamii darasa la saba katika shule moja ya msingi pembezoni mwa mji wa Makambako, aliuliza kwa nini Zambia ilihitaji Reli ya TAZARA, naye Tumaini akajibu kwa sentensi moja kwamba ilitaka kusafirisha shaba yake hadi Bandari ya Dar es Salaam. Hivyo ndivyo alivyokuwa ameandika katika daftari lake tangu mwanzo wa muhula. Chini ya jibu hilo mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu: "Kabla ya reli hii shaba ilipita wapi? Njia hiyo ilikuwa na kasoro gani?" Kisha akawaambia wote waliokosa swali hilo walete masahihisho siku ya Jumatatu.

Jumamosi Tumaini alikwenda kwa babu yake, ambaye alijua mengi kuhusu reli kwa sababu aliijenga kwa mikono yake. Mzee huyo alikuwa kibarua katika kipande cha kati ya Mlimba na Makambako, ambacho wote waliofanya kazi humo hukikumbuka kwa ugumu wake: milima iliyochongwa, makorongo yaliyovukwa kwa madaraja marefu, na mahandaki yaliyotobolewa mwambani huku mvua ikiporomosha udongo uliokwisha kuondolewa. Angeweza kusimulia mchana kutwa jinsi Wachina na Watanzania walivyokula vumbi moja. Lakini Tumaini alipomuuliza kwa nini Wazambia hawakutosheka na njia waliyokuwa nayo, mzee alinyamaza kidogo.

"Tuliambiwa kwamba ndugu zetu wamebanwa," alisema. "Aliyewabana na jinsi alivyowabana, sitaki kukudanganya kwa kubahatisha. Fungua lile sanduku, mjukuu wangu, unisomee. Macho yangu hayaziwezi tena herufi ndogo."

Lilikuwa sanduku la bati, na ndani yake magazeti yalipangwa kwa miaka. Babu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika madarasa ya jioni yaliyoenea nchini baada ya serikali kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na tangu hapo kila alipopata mshahara alinunua gazeti, akalisoma hadi matangazo ya vifo, kisha akalihifadhi. Wapo watu wanaodhani kuwa karatasi kuukuu ni za kufungia maandazi. Mzee huyu hakuwahi kuwa mmoja wao.

Tumaini alianza na yale ya juu. Alisoma habari za Julai 1976, reli ilipokabidhiwa rasmi kwa serikali za Tanzania na Zambia, akaruka, akasoma za mavuno na za mpira, na baada ya saa nzima akafika kwenye gazeti la Januari 1973 lililomfanya ainuke kitini. Lilieleza kwamba utawala wa Ian Smith huko Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ulikuwa umefunga mpaka wake na Zambia.

"Nimelipata, babu! Rhodesia ilifunga mpaka, shaba ikakosa njia, ndiyo maana reli ikajengwa."

"Mpaka ulifungwa lini?"

"Januari 1973."

Babu alicheka kwa upole, akamshika bega. "Januari 1973 mimi nilikuwa handakini na sururu. Kazi ilizinduliwa mwaka 1970. Unadhani tulikuwa tunachimba miaka yote hiyo tukisubiri sababu ije?"

Tumaini aliketi tena. Kwa mara ya kwanza aliandika miaka hiyo kwenye karatasi, mmoja chini ya mwingine, na alipoitazama aliona wazi kwamba jambo la 1973 lilithibitisha hatari ambayo mtu fulani aliiona mapema zaidi. Kwa hiyo jibu lilikuwa chini, katika miaka iliyotangulia 1970, lakini magazeti ya babu yalianzia hapohapo. Aliyatoa yote hadi sanduku likabaki tupu, isipokuwa karatasi moja ya rangi ya kahawia iliyotandikwa sakafuni mwake ili bati lisichubue vitu.

"Hiyo si ya kusoma," babu alisema. "Kaka yangu alikuwa mpagazi bandarini Dar es Salaam. Alinitumia shati limefungwa ndani yake, nami nikaitandika humo. Wakati huo sikujua hata herufi moja."

Tumaini aliibandua taratibu. Jina la gazeti lilikuwa limeliwa na kutu, ila tarehe ilisomeka: Januari 1966. Alisoma kwa sauti, akisimama kila neno lilipofifia, na kadiri alivyoendelea ndivyo babu alivyosogeza kigoda chake karibu. Habari ilieleza kwamba mwezi Novemba 1965 Smith na Wazungu wenzake wachache walijitangazia uhuru wao bila idhini ya Uingereza, ili Waafrika walio wengi wasipate kutawala. Kwamba Uingereza ilipoizuilia Rhodesia mafuta, Rhodesia nayo ilikatisha mafuta yaliyokuwa yakipita kwake kwenda Zambia. Na kwamba sasa malori yalikuwa yakibeba mapipa kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya udongo, yakinasa matopeni msimu wote wa mvua. Shaba ya Zambia, gazeti liliongeza, ilitegemea reli ileile ya kusini, inayovuka Mto Zambezi na kuingia Rhodesia kabla ya kufika bandari ya Beira, katika Msumbiji iliyokuwa bado chini ya Wareno.

"Rudia hapo pa malori," babu alisema.

Tumaini alirudia. Mzee alitikisa kichwa. "Niliyaona malori hayo yakipita hapa, na jibu nililikalisha chini ya nguo zangu."

Jioni hiyo Tumaini aliandika masahihisho yake kwa taa ya sola. Alieleza kwamba Zambia haikukosa reli; ilikosa reli ambayo ufunguo wake haukushikwa na adui wa uhuru wa Waafrika. Alianza na Novemba 1965, akaeleza habari ya mafuta, akataja Beira na Wareno, kisha uzinduzi wa 1970, na mwisho akaweka kufungwa kwa mpaka mwaka 1973, akifafanua kwa nini tukio hilo halikuwa chanzo. Jibu lilijaza kurasa mbili.

Siku ya Jumatatu Mwalimu Sanga alilisoma akiwa amesimama, akampa alama tisa, akiwa amepunguza moja kwa sababu Tumaini hakutaja kwamba ni China iliyokopesha fedha za ujenzi bila riba baada ya mataifa ya Magharibi kukataa. Alimwuliza alikozipata habari hizo. Alipoonyeshwa karatasi ile, aliishika pembeni kwa vidole viwili, akaomba babu aje darasani siku ya Alhamisi, aje nayo.

Babu alikubali kuja. Karatasi, alisema, ataileta mwenyewe, ataishika mwenyewe wakati watoto wakiisoma, na atarudi nayo nyumbani siku hiyohiyo; na kabla ya Alhamisi Tumaini amsomee upande wa pili, ambao tangu shati lifike hakuna aliyewahi kuugeuza.