Poti Zinazokufa Masika

Poti ya saba ya swichi ya mtandao ilipozima, mwenye saiba alilaani swichi za bei rahisi, akahamishia kebo kwenye poti ya nane. Wiki haikuisha, nayo ikafa. Kompyuta za ndani zilikuwa nzima; iliyokatika kila mara ni laini ya chumba cha kuchapia, ng'ambo ya uwanja wa soko.

Akafungua daftari la mapato. Kila poti ilikufa siku aliyofunga mapema kwa sababu ya radi.

"Lakini mjomba, radi haijawahi kupiga hapa," kijana wa kuchapa alibisha.

"Si lazima ipige hapa. Ikipiga karibu, ile kebo ndefu ya shaba huko nje inaingiwa na umeme wa ghafla, unakimbilia kwenye poti."

Fundi alishauri kinga ya radi yenye waya wa ethi. Ingesaidia, ila mwenye saiba hakuiamini ethi ya jengo lile hata kidogo. Akavuta faiba ya kioo isiyo na chuma ndani. Kioo hakipitishi umeme.

"Na poti zilizokufa?"

"Zizibe kwa utepe, mtu asije akachomeka kitu."