Asante kwa advansi ya Aprili

Tanga, 6 Mei 2025

Mzee wangu, shikamoo.

Nimeona nikuandikie, maana usiku kwenye oveni hatupati nafasi ya kuzungumza, na neno hili sikutaka nikwambie huku nimeshika trei.

Nakushukuru kwa ile advansi ya shilingi 240,000 uliyonipa tarehe 22 Aprili. Mabati manane yalinigharimu 192,000, misumari kilo tatu 18,000, na fundi alichukua 30,000. Kazi aliimaliza siku moja, Jumapili. Jumatatu usiku ikapiga mvua ya masika, ile inayojaza mitaro yote ya Makorora. Mke wangu ananiambia aliamka kwa mazoea kwenda kusogeza ndoo chini ya chandarua cha watoto. Akagusa godoro, kavu. Akarudi kulala.

Kilichonigusa zaidi ni namna ulivyonisikiliza. Ulinivuta pembeni, kwenye stoo ya unga, ukaniuliza mawili tu: kiasi gani, na nikatwe vipi. Vijana wa zamu hawakujua kitu mpaka leo. Mtu mwenye familia akikuletea shida yake ukaisitiri hivyo, hasahau.

Makato yabaki kama tulivyoandikiana na kutia saini: 80,000 mwisho wa Mei, 80,000 Juni na 80,000 Julai. Maandishi yale nayathamini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka makato ya namna hii yawe na makubaliano ya maandishi, na sisi wawili tunalala tukijua hesabu ni ile ile. Tafadhali mwambie karani aoneshe kila kato kwenye hati yangu ya mshahara, pamoja na salio. Bajeti ya nyumbani nimeshaipanga kwa kiasi kitakachobaki, kwa hiyo usiwe na wasiwasi kwamba nitarudi katikati kuomba tusogeze mwezi.

Saa za ziada nitaendelea kuzifanya kwa utaratibu wetu wa siku zote, zikiandikwa daftarini. Nalisema mapema ili pasiwe na mtu, hata mimi mwenyewe, atakayeuchanganya mkopo na zamu.

Halafu kuna jambo la kazi. Mlango wa oveni ya pili haufungi sawasawa upande wa kushoto, na boflo za safu ya mwisho zinatoka nyeupe. Juzi tulizirudisha motoni trei tatu, kuni zikaenda bure. Nadhani bawaba imelegea. Ukiruhusu, Alhamisi mchana ikiwa imepoa nije na fundi wa kuchomelea tuitazame kabla ya oda za Ijumaa.

Nisalimie nyumbani.

Wasalaam,
Baba Rehema
Msimamizi, zamu ya usiku