Notisi ya Kuhama Nyumba ya Mkomani na Ombi la Kurudishiwa Amana

Zuhura Kombo Shee
Mkomani, Lamu

29 Septemba 2025

Kwa Mzee Athman Bakari,
Mwenye nyumba,
Langoni, Lamu.

Assalaamu alaikum Mzee Athman,

KUH: NOTISI YA KUHAMA TAREHE 30 NOVEMBA 2025 NA KURUDISHIWA AMANA YA SH. 28,000

Natumai wewe na watu wa nyumbani hamjambo.

Mkataba wetu wa miaka mitatu, ulioanza tarehe 1 Desemba 2022, unamalizika Jumapili tarehe 30 Novemba 2025. Kwa barua hii nakuarifu kwamba sitauendeleza. Nimepata uhamisho wa kwenda kufundisha Malindi, na shule ikifungwa nitahama na wanangu. Kifungu cha 7 kinataka notisi ya siku 60, nami nimeiandika mapema ili upate nafasi ya kutafuta mpangaji mwingine.

Kodi ya Oktoba na ya Novemba, sh. 14,000 kila mwezi, nitailipa kwa M-Pesa kabla ya tarehe 5 kama nilivyozoea. Tafadhali usiihesabu kwenye amana. Bili ya maji nitailipa hadi siku ya mwisho na kukukabidhi risiti. Umeme ni wa tokeni, kwa hivyo hakuna deni. Zitakazobaki kwenye mita ni za atakayeingia.

Vyombo vyangu vitatoka Jumamosi tarehe 29 Novemba. Nimeshazungumza na wenye punda wavipeleke gatini, na boti itavivusha hadi Mokowe maji yakiwa yamejaa. Siku inayofuata nitafagia nyumba, na saa nne asubuhi nitakukabidhi funguo zote: mbili za mlango mkubwa, moja ya jikoni na moja ya darini.

Kabla ya hapo naomba tuikague nyumba pamoja, Jumamosi tarehe 22 Novemba baada ya sala ya alasiri, tuandike tulichokiona na sote wawili tutie sahihi. Yaliyoharibika mikononi mwangu nayajua na nitayatengeneza kwa gharama yangu: bawaba ya mlango wa jikoni iliyokatika, na matundu manne ya misumari sebuleni nilipotundika rafu ya vitabu vya watoto. Zidaka za chumba cha mbele ni nzima, hakuna hata pembe iliyobanduka. Niliwakataza watoto hata kuegemeza kitu pale.

Linalonitia wasiwasi ni ukuta wa chumba cha nyuma, ule unaopakana na birika. Naomba nilieleze leo ili lisije likatutenganisha siku ya mwisho. Nilipoingia, ukuta ule ulikuwa tayari na alama ya unyevu iliyofika usawa wa goti. Picha niliyoipiga siku ile ninayo, na nakala yake naiambatanisha. Mwaka 2023 fundi uliyemleta aliupaka saruji. Kwa muda ulionekana umepona, kisha chumvi ikaanza kutoka juu ya ile saruji, nyeupe kama unga, na plasta ikawa inabanduka vipande vipande juu ya kitanda cha mwanangu mdogo. Nilikuandikia Machi 2024, na ukaja ukajionea mwenyewe. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya maji kutoka chini, na chokaa huyaacha yatoke. Saruji huyazuia, ndipo yakapanda juu zaidi. Haya nawe unayajua kuliko mimi, maana umezaliwa ndani ya nyumba hizi. Nakuomba kwa heshima ukuta huu usihesabiwe kuwa uharibifu wangu. Na atakayekuja baada yetu, tafadhali mpakie chokaa kabla hajaingia. Chumba kile ndicho chenye upepo mzuri wa kaskazi, na ni hasara kukiacha hivyo.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe amana yangu yote, sh. 28,000, niliyokulipa tarehe 28 Novemba 2022 na ukanipa stakabadhi. Kifungu cha 9 kimetoa siku 14 baada ya kukabidhi funguo, yaani hadi Jumapili tarehe 14 Desemba 2025. Itume kwa namba ile ile ninayokulipia kodi. Ukiona kuna la kukatwa, naomba unipe kwa maandishi kila kitu na bei yake, pamoja na risiti ya fundi. Fedha hizi ndizo ninazozitegemea kulipia amana ya nyumba Malindi, na kuchelewa kwake kutanipa shida kubwa.

Mzee wangu, mama alipofariki ulinisubiri kodi ya miezi miwili bila kunitumia mtu mlangoni. Sijalisahau na sitalisahau. Kile chungu cha asumini kilichoko darini nakiacha pale pale kwa ajili ya Bi mkubwa, kwani ndiye aliyenipa kijiti chake.

Barua hii nimeitoa nakala mbili. Tafadhali tia sahihi na tarehe kwenye nakala ya pili, umrudishie aliyeileta.

Wako mwaminifu,

Zuhura Kombo Shee
Mpangaji

Viambatisho: nakala ya mkataba, stakabadhi ya amana, picha ya ukuta ya Desemba 2022, barua ya Machi 2024.