Sera ya Ulinzi wa Mtoto: Wajibu wa Kutoa Taarifa na Mwenendo wa Wafanyakazi

1. Sera hii inamhusu nani

Shirika letu linaendesha vituo 3 vya masomo ya jioni, linatembelea familia majumbani na linaandaa kambi moja ya siku 5 kila mwaka, kwa watoto wa miaka 6 hadi 17. Sera hii inamfunga kila mtu anayeingia katika kazi hizo kwa jina la shirika: wajumbe wa bodi, mkurugenzi, walimu, madereva, wapishi, walinzi, wanaojitolea, wanafunzi wa mafunzo kazini, wapiga picha wa kukodiwa na wageni wa wafadhili. Mfadhili hapati ruhusa ambayo mpishi hana.

Mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, hata kama anafanya kazi, ameolewa au ana mtoto wake. Msingi wetu ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, hasa ibara ya 3 inayotanguliza maslahi ya mtoto, ya 12 inayompa haki ya kusikilizwa, na ya 19 inayotaka alindwe dhidi ya kila aina ya ukatili. Pale sheria ya nchi inapodai zaidi ya sera hii, sheria ndiyo inayofuatwa.

2. Tunachokiita ukatili

Ukatili wa kimwili ni kupiga, kuchoma, kufinya, kumpigisha mtoto magoti kwa muda mrefu au kumnyima chakula kama adhabu. Ukatili wa kihisia ni kumdhalilisha, kumtisha au kumtenga mara kwa mara. Utelekezaji ni kumnyima mtoto chakula, matibabu, usimamizi au shule wakati mlezi ana uwezo wa kuvitoa, au kumwacha katika hatari bila kutafuta msaada. Familia maskini inayohangaika haimtelekezi mtoto wake. Familia hiyo tunaiunganisha na msaada, hatuishitaki.

Ukatili wa kingono ni pamoja na kumshika mtoto, kumfanya ashike, kumwonyesha picha za ngono, kumwomba picha zake za utupu, au kumpa kitu ili akubali. Mtoto hana ridhaa ya kutoa hapa, na kusema kwamba alikubali si utetezi.

Mara nyingi mtendaji ni mtu ambaye mtoto anamfahamu na familia inamwamini. Huanza na upendeleo, zawadi ndogo na siri ndogo isiyo na madhara, kisha hujaribu mipaka: mkono begani, ujumbe wa usiku, nafasi ya kubaki wawili peke yao. Mtoto akifika mahali pa kuogopa, tayari anaona amekosa kwa kuzitunza zile siri za mwanzo. Ndiyo maana kanuni za sehemu ya 4 zinagusa mambo yanayoonekana madogo.

3. Kuajiri

Hakuna anayeanza kazi kabla ya kuthibitishiwa kitambulisho, hati ya polisi ya kutokuwa na makosa, na wadhamini 2, mmoja wao akiwa mwajiri wake wa karibuni. Wadhamini tunawapigia simu sisi wenyewe, kwa namba ya ofisi yao na si ile tuliyopewa na mwombaji, na tunauliza waziwazi: je, ungemwajiri tena kufanya kazi na watoto? Barua ya sifa haitoshi. Kila pengo la zaidi ya miezi 3 katika historia ya kazi linaulizwa kwenye usaili.

Hati safi ya polisi inaonyesha tu kwamba mtu hajatiwa hatiani. Haitupunguzii kazi ya kumwangalia. Mafunzo ya ulinzi wa mtoto hufanyika ndani ya siku 7 za kwanza, na mgeni kazini haachwi peke yake na watoto kabla ya kuyamaliza. Yanarudiwa kila mwaka kwa wote.

4. Mwenendo wa wafanyakazi

Mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Mazungumzo ya faragha yakihitajika, mlango unabaki wazi au chumba kinakuwa na kioo, na mwenzako anajua mko wapi. Kwa watoto wa chini ya miaka 8 tunaweka mtu mzima 1 kwa watoto 6. Miaka 8 hadi 12, mmoja kwa 8. Miaka 13 na kuendelea, mmoja kwa 10. Hata watoto wakiwa 3 tu, watu wazima hawapungui 2. Kanuni hii huvunjika zaidi dakika za mwisho za jioni, mzazi anapochelewa na wenzako wanataka kwenda nyumbani. Kwa hiyo zamu ya kufunga kituo ni ya watu 2, na wote wawili hawaondoki hadi mtoto wa mwisho achukuliwe na mtu aliyeandikwa kwenye fomu yake ya usajili. Mtu mwingine akija, hata akijitambulisha kuwa shangazi, mlezi anapigiwa simu kwanza.

Kugusa kunafuata hitaji la mtoto, kunafanyika mbele ya watu, na kunakoma mtoto anapojitenga. Mtoto anayelia anaweza kukumbatiwa kwa ubavu. Hapakatwi, habusiwi, hatekenywi. Anayehitaji kusaidiwa chooni au kuvishwa kwa sababu ya ulemavu ana mpango ulioandikwa na kukubaliwa na mlezi, na mtoto mwenyewe anaulizwa nani amsaidie.

Adhabu ya viboko, matusi, kumsimamisha mtoto juani na kumtumisha kazi za binafsi ni marufuku, hata mzazi akisema, "Mwalimu, mchape tu, nimekuruhusu." Mzazi hawezi kuruhusu kinachokatazwa na sera hii.

Mfanyakazi hampi mtoto mmoja zawadi, pesa au vocha ya simu. Msaada hupitia shirika na huandikwa. Hamchukui mtoto nyumbani kwake, hamsafirishi peke yake kwenye pikipiki au gari lake, wala halali chumba kimoja na watoto kambini. Dharura ikilazimisha safari, mtoto anakaa kiti cha nyuma, na Mratibu wa Ulinzi wa Mtoto anaambiwa saa ya kuondoka na ya kufika. Uhusiano wa kimapenzi na mtoto, wa umri wowote chini ya 18, unamaliza ajira na kufikishwa polisi, hata kama sheria ya mahali ina umri mdogo zaidi wa ridhaa.

Simu na picha. Mawasiliano na watoto hupita kwenye simu ya kituo na kundi ambalo wafanyakazi 2 wamo, kati ya saa 1 asubuhi na saa 12 jioni. Ujumbe binafsi hautumwi; mtoto akiutuma yeye, unajibiwa kundini au kumpitia mlezi, na mratibu anaarifiwa. Picha hupigwa kwa kamera ya shirika, kwa idhini ya maandishi ya mlezi na ya mdomo ya mtoto siku hiyohiyo. Jina kamili, nembo ya shule na kibao cha mtaa havionekani, na alama ya mahali kwenye faili inafutwa kabla ya kuchapisha. Mtoto aliyefanyiwa ukatili hatumiki kama kisa cha kuombea fedha, hata sura ikifichwa, kwa sababu majirani humtambua kwa nguo, sauti au ukuta wa nyumba.

5. Mtoto anapokueleza

Acha unachofanya, kaa usawa wa macho yake, msikilize kwa mwendo wake. Usishtuke waziwazi, mtoto akiona umeumia, hunyamaza ili kukulinda. Usiahidi siri. Mwambie: "Asante kwa kuniambia. Si kosa lako. Nitamwambia mtu ambaye kazi yake ni kusaidia, na nitakueleza nani."

Unaruhusiwa kuuliza, "Ungependa kuniambia zaidi?" Usiulize, "Ni baba alikufanyia?" Swali linalobeba jibu huharibu ushahidi na linaweza kumwachia mshitakiwa njia mahakamani. Usimvue nguo kukagua, usimpige picha majeraha, usimwite anayetajwa, usimfanye mtoto arudie kwa mtu wa pili na wa tatu.

Andika ndani ya saa moja, kwa maneno yake. Maelezo kama "Mtoto alionekana kunyanyaswa na ndugu" hayasaidii. Yanayosaidia ni haya: "Saa 10:20 jioni, chumba cha kusomea. Alisema, 'Anko ananiumiza nikilala.' Niliuliza, 'Ungependa kuniambia zaidi?' Akanyamaza. Alama nyekundu ya kama sentimita 4, mkono wa kushoto, upande wa nje, juu ya kiwiko." Andika pia ulichofanya, weka sahihi, tarehe na saa.

6. Wajibu wa kutoa taarifa

Kila anayeona, kusikia au kushuku ukatili anamwarifu Mratibu wa Ulinzi wa Mtoto siku hiyohiyo, kwa mdomo kwanza, kisha kwa fomu ndani ya saa 24. Hahitaji ushahidi, shaka yenye sababu inatosha. Namba za mratibu na msaidizi wake zimebandikwa nyuma ya mlango wa kila darasa. Kumwambia msimamizi wako tu hakumalizi wajibu wako: taarifa nyingi hupotea kati ya msimamizi na mratibu.

Mtoto akiwa hatarini sasa hivi, wapigie polisi simu au mpeleke hospitali kwanza, mratibu mwarifu baadaye. Palipo na shaka ya ubakaji, saa zinahesabika: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, mapema kadiri inavyowezekana, na za dharura za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Ikiwezekana asioge wala kubadili nguo kabla ya kuonwa. Nguo zilizovuliwa huwekwa kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hufuga unyevu na ukungu huharibu ushahidi. Akiwa ameshaoga, bado anapelekwa.

Mratibu ana saa 24 kupeleka taarifa kwa ustawi wa jamii, na kwa polisi kunapokuwa na dalili za kosa la jinai. Mlezi anaarifiwa, isipokuwa yeye au mwanakaya mwenzake ndiye anayeshukiwa. Hapo ustawi wa jamii ndio wanaoamua lini. Shirika halichunguzi, halipatanishi familia na halishuhudii makubaliano ya fidia. Shinikizo la "tumalize nyumbani" litakuja, wakati mwingine kutoka kwa watu wa heshima. Jibu ni moja: taarifa imeshapelekwa.

Anayetajwa akiwa mfanyakazi, anaondolewa kwenye kazi na watoto siku hiyo, mshahara ukiendelea, bila kuhukumiwa kabla. Akiacha kazi, uchunguzi hauishii hapo, na mwajiri mpya akiuliza anaelezwa ukweli. Akitajwa mratibu, taarifa inakwenda kwa mkurugenzi. Akitajwa mkurugenzi, kwa mwenyekiti wa bodi.

Hata jambo dogo, kama mwenzako kupendelea mtoto mmoja au kubaki naye baada ya masomo, linaandikwa. Moja peke yake huenda lisiwe kitu, ila matatu kutoka kwa watu watatu yanaonyesha mwelekeo, na mratibu pekee ndiye anayeweza kuyaona pamoja.

Aliyetoa taarifa kwa nia njema haadhibiwi hata ikionekana hakukuwa na tukio. Aliyejua akanyamaza anachukuliwa hatua za kinidhamu, hadi kufukuzwa.

7. Njia ya watoto wenyewe

Kila kituo kina sanduku la maoni kwenye korido ya kwenda vyooni, kwa sababu lililo karibu na ofisi huogopwa. Linafunguliwa Jumatatu na Alhamisi na watu 2, mmoja wao si mfanyakazi wa kituo hicho. Wasiojua kuandika wanachora, au wanamwambia mtu mzima waliyemchagua wenyewe mwanzoni mwa muhula. Kwa watoto viziwi, mratibu huita mkalimani wa lugha ya alama asiye ndugu wa mtoto.

8. Kumbukumbu na mapitio

Fomu hufungwa kwenye kabati lenye funguo 2, ya mratibu na ya msaidizi wake. Faili za kompyuta zina nywila, na barua pepe hutumia namba ya kesi badala ya jina. Majadiliano ya kesi hayafanyiki kwenye kundi la simu. Bodi hupokea kila robo mwaka idadi ya taarifa, muda uliotumika hadi kuzipeleka na zilikofikia, bila majina. Kituo ambacho hakijatoa taarifa yoyote kwa miezi 6 hutembelewa na mratibu, aongee na wafanyakazi na watoto wenyewe. Sera inapitiwa kila baada ya miezi 12, na mara moja baada ya kila tukio zito.