Barua ya makabidhiano: mafaili ya video ya harusi yenu

Dada Rehema,

Habari za tangu siku ile, na msalimie sana Kaka Salim.

Nimesoma ujumbe wako wa jana usiku kwamba umefungua video ya kwanza ukasikia sauti tu huku kioo kikibaki cheusi, ukadhani harusi imefutika. Haijafutika. Nimerudi kwenye nakala yangu, nimelitazama faili hilo hilo mwanzo hadi mwisho, ni zima. Kosa ni langu: nilikukabidhi diski mlangoni kwa haraka, sikukueleza kilichomo. Nakueleza sasa, na barua hii itunze pamoja na diski.

Ulilofungua ni `01_FUPI_4K_H265.mp4`. Chini yake kuna `01_FUPI_1080p_H264.mp4`. Fungua hilo la pili sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, moyo utulie. Ni filamu ile ile, dakika 6 na sekunde 20, hakuna hata picha moja iliyopungua.

Tofauti yao iko ndani. Hiyo `.mp4` unayoiona mwishoni mwa jina ni bahasha tu. Bahasha zinafanana, ila kilichomo kimebanwa kwa njia mbili. H.264 ni njia ya siku nyingi, na karibu kila simu, kompyuta na televisheni inaifahamu. H.265, ambayo kwenye kioo utaiona pia ikiitwa HEVC, ni mpya zaidi na inabana vizuri zaidi, ndiyo maana nimeitumia kwa 4K, ile yenye picha kali zaidi kuliko 1080p. Lakini kompyuta nyingi za Windows hazina kifunguzi chake mpaka ukiongeze. Sauti imebanwa kwa njia nyingine ya kawaida, kwa hiyo sauti ikapita na picha ikakwama.

Dawa yake ni VLC. Ni programu ya bure, ina alama ya koni ya rangi ya chungwa. Ipakue kwenye `videolan.org`, si kwenye tovuti nyingine itakayokuomba malipo au namba ya kadi. Ukishaiweka, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua `Open with`, halafu `VLC media player`. Kama 4K itafunguka lakini inakwamakwama, picha inaganda na sauti inatangulia, hapo ni nguvu za kompyuta zimeishia. Usihangaike nayo. Kwenye laptopu yenye kioo cha kawaida hutaona tofauti ya maana kati ya 4K na 1080p, na mimi mwenyewe nyumbani natazama 1080p.

Sasa yaliyomo. Filamu fupi ya 4K ni GB 2.4, ya 1080p ni MB 570. Filamu ndefu, `02_NDEFU`, ni saa 1 na dakika 48: ya 4K ina GB 32.4, ya 1080p ina GB 8.1. Kisha kuna `03_KUFUNGA_NDOA`, dakika 58 bila kukatwa, GB 4.35, na `04_HOTUBA`, dakika 42, GB 3.15. Hizi mbili nimezitoa kwa 1080p pekee kwa sababu kamera ilisimama mahali pamoja na 4K isingeongeza kitu zaidi ya uzito. Mwisho kuna folda `05_WIMA` yenye vipande vitatu vya simu, dakika moja moja, MB 60 kila kimoja. Jumla ni kama GB 51.

Ukitazama ukubwa huo kwenye Windows utakuta namba ndogo kidogo, mathalani GB 30.2 badala ya 32.4, na diski niliyoiandikia GB 500 itasema 465. Hujapunjwa. Watengenezaji wa diski wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024.

Swali utakaloniuliza ni kwa nini filamu moja iwe na uzito wa GB 32. Picha ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, mara nne ya 1080p. Nimeitoa kwa megabiti 40 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 6,480, gawa kwa 8, unapata hizo GB 32.4. Ningeweza kuibana ikawa GB 10, ila ile sehemu mliyocheza taa zikiwa zimezimwa ingeharibika. Gizani ndiko video iliyobanwa kupita kiasi inapoumbuka: ukuta unageuka vijimraba. Ile 4K ichukulie kama akiba, mtakuja kuifurahia mkiwa na televisheni kubwa.

Fleshi nyekundu ni ya mama. Uliniambia televisheni yake ni ya zamani, na nyingi za aina hiyo hazisomi fleshi iliyoandaliwa kwa mtindo wa exFAT kama ilivyo diski yenu. Ya mama nimeiandaa kwa FAT32, na FAT32 haikubali faili moja linalozidi GB 4. Kwa hiyo filamu ndefu nimeikata sehemu tatu, `NDEFU_1`, `NDEFU_2` na `NDEFU_3`, kila moja GB 2.7 hivi, na nimekata pale tukio linapobadilika ili asikatishwe mtu katikati ya neno. Humo pia kuna filamu fupi na hotuba. Achomeke kwenye tundu la USB, abonyeze `Source` kwenye rimoti, achague `USB`. Ile ya kufunga ndoa haimo, imezidi kipimo. Akiitaka niambie niikate mbili.

Kwa marafiki wanaoomba kwenye WhatsApp, tumeni vipande vya wima, na mvitume kama `Document`, si kama video. Mkivituma kama video vitabanwa upya na rangi zitafifia. Nimeshaona bibi harusi akinilalamikia ubora, kumbe alikuwa anatazama nakala iliyopita kwenye makundi matano.

Jambo moja naomba mlifanye wiki hii. Nakilini folda yote kwenye kompyuta, kisha nakala nyingine kwenye diski ya pili itakayokaa nyumba nyingine. Tundu la USB la zamani litachukua kama nusu saa, jipya dakika kumi au chini. Diski yenu ina sahani inayozunguka ndani, ikianguka huku inafanya kazi basi. Msiichomoe kabla ya kubofya `Eject`.

Mafaili ghafi ya kamera tatu, kama GB 540, hayamo kwenye diski kwa kuwa hayakuwemo kwenye makubaliano yetu. Nitayatunza miezi sita kuanzia leo, kisha nitayafuta ili nipate nafasi. Mkiyataka, nileteeni diski tupu ya TB 1 kabla ya hapo.

Nimeona pia kwamba kwenye filamu ndefu, dakika ya 71, jina la shangazi yenu limeandikwa kwa herufi moja pungufu. Nalirekebisha, na faili jipya la 1080p nitakutumia kwa linki kesho jioni. La 4K ni zito kwa linki, nitapita nalo mwenyewe. Hayo ya zamani yafuteni mkishapokea mapya.

Wako,
Juma
Mpiga video wenu