Nafasi ya Kazi: Muuguzi Mkunga, Kliniki Binafsi ya Uzazi, Busia

Kliniki yetu, mjini Busia upande wa Uganda, inatafuta muuguzi mkunga mmoja wa kuanza kazi Jumatatu, 4 Mei 2026. Nafasi iko wazi kwa wanawake na wanaume.

Tuna vitanda sita na chumba kimoja cha kuzalishia, na kwa mwezi hujifungua hapa akina mama wapatao 25. Hatufanyi upasuaji wala hatuna damu ya kuongezea. Mama anayehitaji kimojawapo anapaswa kuwa njiani kwenda Hospitali ya Masafu kabla hali yake haijaharibika. Usiku uamuzi huo utauanzisha wewe, daktari akiwa kwenye simu. Hatutamlaumu mkunga aliyempeleka mama mapema akajifungua salama huko.

Kazi yenyewe

Utahudumia kliniki ya wajawazito: kupima shinikizo la damu, mkojo, wekundu wa damu, kaswende na VVU, kutoa dawa ya kukinga malaria, na kuwafuatilia wasiorudi. Wengi wa akina mama wetu ni wachuuzi wanaovuka mpaka kila siku, kwa hiyo andika namba ya simu na mahali mama anapolala, si kijiji alikozaliwa tu.

Katika uchungu, chati ya uchungu hujazwa palepale kitandani. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa, na kila dakika 5 mama anaposukuma. Chati iliyojazwa asubuhi kwa kukumbuka haimsaidii mtu: mstari wa hatari unaonekana wakati umeshapita.

Mtoto akitoka, hakikisha hakuna pacha, kisha mchome mama oksitosini yuniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja. Dawa hiyo hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Umeme hukatika mara kwa mara, hivyo kusoma na kuandika joto la friji asubuhi na jioni ni sehemu ya zamu. Oksitosini iliyopata joto hupoteza nguvu bila kubadilika rangi, nawe utalijua hilo mama akiwa anavuja damu.

Mengine ni ya kila siku: chanjo ya BCG na matone ya polio kwa mtoto mchanga, uzazi wa mpango, kuchemsha vifaa kwa mvuke, na kujaza rejista za Wizara ya Afya ili ripoti ya mwezi itoke kwa wakati.

Sifa za mwombaji

Lazima uwe na cheti au diploma ya ukunga, au ya uuguzi na ukunga, usajili wa Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, na leseni ya kazi ambayo haijaisha muda. Tunataka uzoefu wa miaka miwili katika chumba cha kuzalishia. Aliyefanya kazi wodi nyingine tu, hata miaka kumi, hatatufaa kwa nafasi hii.

Uwe na uwezo, bila kusimamiwa, wa kumpumulisha mtoto mchanga kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza, kuzuia damu inayotoka kupita kiasi, kutoa kondo kwa mkono inapobidi, kushona msamba, na kuanza magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba kabla ya safari.

Kiswahili ni cha lazima. Kisamia, Kiteso au Kiganda kitakuongezea alama. Anayemfokea mama katika uchungu hatumwajiri, hata mikono yake ikiwa hodari.

Masharti

Mshahara ni shilingi 900,000 kwa mwezi kwa mwenye cheti na 1,100,000 kwa mwenye diploma, kabla ya kodi. NSSF: wewe asilimia 5, sisi asilimia 10. Zamu ni nne kwa juma, saa 12 kila moja, mbili zikiwa za usiku. Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka. Majaribio ni miezi mitatu. Chumba cha kulala kipo uani bila kodi.

Namna ya kuomba

Leta barua ya maombi, wasifu, nakala za vyeti, leseni na kitambulisho cha taifa, pamoja na majina ya wadhamini wawili, mmoja akiwa msimamizi wako wa karibuni. Peleka bahasha kwenye dirisha la mapokezi, geti la kijani, Barabara ya Tororo, kabla ya saa 10 jioni, Ijumaa, 27 Machi 2026. Usilete vyeti halisi hadi siku ya usaili.

Usaili ni Alhamisi, 2 Aprili. Kutakuwa na maswali ya nusu saa, kisha utaonyesha kwa mwanasesere jinsi unavyompumulisha mtoto na utajaza chati ya uchungu tutakayokupa. Hatutozi pesa yoyote katika hatua yoyote. Atakayekuomba pesa kwa jina letu, mripoti mapokezi.